Barua kwa Mama Shufaa: naomba uiondoe video ya ugomvi wetu

Barabara ya 14,
Ngamiani, Tanga.
Jumatatu, 18 Agosti 2025.

Kwa jirani yangu Mama Shufaa,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, Baba Shufaa na watoto mmeamka salama, na mguu wa bibi unaendelea vizuri.

Nakuandikia kwenye karatasi, si kwa WhatsApp, na nimempa Hamadi bahasha akukabidhi mkononi. Ni makusudi. Ujumbe wa simu hupigwa picha ukarushwa, na mimi sitaki jambo hili lizae jingine. Kuja mwenyewe mlangoni nako nimeona si vyema kwa leo: macho ya barabara nzima yako kwenye milango yetu miwili, na nikionekana naingia kwako watu watasogea ukutani kusikiliza.

Shida yangu ni moja. Naomba uiondoe ile video ya ugomvi wa kwetu uliyoiweka Jumamosi usiku kwenye kundi la majirani, na uiondoe leo hii, kabla ya Isha.

Sikatai kwamba tuligombana. Tuligombana, tena kwa sauti. Tangu marehemu baba atutoke, kikao cha mirathi hakijawahi kwisha kwa amani, na hilo wewe unalijua kuliko wengi, maana uwa wetu na wako umetengwa na ukuta ambao hata kuku anauruka. Kusikia, utasikia tu. Nasi tumesikia ya kwenu, mama, miaka yote hii, na yameishia masikioni mwetu.

Nimeambiwa ulivyomjibu Mama Mbaruku alipokuuliza: kwamba hukuzua, kilichomo ndicho kilichotokea, na kwamba uliweka ili wazee wa mtaa waone, waje watusuluhishe. Hilo la wazee nimelipima sana, maana sitaki kukuonea. Lakini mjumbe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Ungemtuma Shufaa, angefika naye kabla hatujamaliza kufoka, na ningekushukuru mpaka leo. Kundi lile lina watu zaidi ya mia mbili. Wamo vijana wa bodaboda wa kijiweni, wamo waliohamia Dar na Mombasa zamani, wamo ambao hata sura zao hatuzijui. Na juu ya video uliandika "Mirathi tamu jamani", ukaweka na emoji tatu za kucheka mpaka machozi. Wazee wa kusuluhisha hawaitwi hivyo, Mama Shufaa.

Kuhusu hilo la kutozua. Video ina dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Kikao kilianza baada ya Alasiri kikaisha Magharibi inaadhiniwa. Imeanzia pale kaka anapotupa makaratasi ya nyumba chini, ikakatika pale mama anaposema "basi niueni mimi mgawane". Haimo sehemu kaka alipoyaokota makaratasi yale moja moja, wala alipopiga magoti mbele ya mama na mama akamshika kichwa. Kwa hiyo mtu wa Pangani au Muheza akiiona, na huko imeshafika, anaondoka na moja tu: watoto wa marehemu wanamuua mama yao kwa sababu ya nyumba. Atatukuta msibani au harusini mwaka kesho na ndilo atakalokuwa nalo kichwani.

Nimeitazama mara moja, jana asubuhi, nikaona jambo ambalo sidhani hata wewe uliliona ulipokuwa umeshika simu. Tazama upande wa kulia, chini ya kamba ya nguo, nyuma ya kanga yangu ya njano. Amekaa Rehema, binti wa mdogo wangu, yule wa darasa la tatu. Yumo ndani ya baibui lake la madrasa, juzuu kaiweka mapajani, masikio kayaziba kwa viganja vyote viwili. Sisi tuliokuwa uwani hatukumwona, kila mtu alikuwa na lake. Kamera imemwona, na sura yake inaonekana vizuri kuliko ya mtu mwingine yeyote kwa sababu jua lilikuwa linampiga usoni.

Jana alipokwenda madrasa, wenzake walimpokea kwa "niueni mimi mgawane, niueni mimi mgawane", wanaliimba kwa ule mtindo wao wa kukariri. Karudi kabla ya somo kwisha. Leo kaamka anasema tumbo linauma. Mtoto huyo ni rafiki wa Shufaa wako, na nimesikia kwamba Shufaa ndiye aliyewaambia wale wengine wanyamaze. Mpe pongezi zangu.

Mama mwenyewe hana simu ya kutazamia video, nawe unakijua kisimu chake cha tochi. Tulidhani atapona nayo. Mpita njia mmoja, kwa kile anachokiita huruma, kaja kamwonyesha. Sasa kila anayeingia kumjulia hali anaulizwa, "Nawe umeiona?" Darasa lake la akina mama la Jumapili hakwenda. Ana miaka sabini na moja, na hii ndiyo barabara aliyoolewa.

Tena kuna neno moja mle ndani, linalohusu maradhi ya mtu ambaye hakuwepo kabisa uwani siku ile. Nadhani unalijua. Sitaliandika hapa. Yule hakugombana na mtu, hana hisa katika nyumba ya baba, na siri yake sasa inajulikana na watu wa kijiweni. Kama ningetakiwa nichague sababu moja tu ya kukuomba, ningechagua hiyo.

Naomba basi nikueleze na la muda, kwa sababu ndilo lililonifanya nisisubiri hasira zitulie. Hamadi ananiambia WhatsApp humruhusu mtu kufuta ujumbe wake kwa watu wote ndani ya siku mbili na ushee tu tangu autume. Wewe uliituma Jumamosi kama saa tatu usiku. Hadi usiku wa leo bado inawezekana, kesho asubuhi hatuna uhakika. Bonyeza video mpaka ichaguke, gusa alama ya pipa la taka, halafu chagua Delete for everyone. Tafadhali usije ukagusa Delete for me, maana hiyo itaifuta kwako peke yako, kwa wengine ibaki, na wewe usiwe tena na njia ya kuigusa. Ikikukatalia, mwambie mtoto wa mjumbe, ni admini wa kundi, naye ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu mwingine kwa wote. Kisha uifute kwenye picha za simu yako, na kwenye lile pipa la simu ambamo vitu vilivyofutwa hukaa siku kadhaa kabla ya kuondoka kabisa.

Najua kufuta kwako hakutazifuta zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye simu za watu. Ndiyo maana naomba pia uandike maneno mawili matatu kundini. Usilazimike kutunga, nimekuandikia:

"Ndugu majirani, video niliyoiweka Jumamosi usiku nimeiondoa kwa kuwa ina mtoto na mambo ya ndani ya familia. Aliyeihifadhi naomba aifute, na aliyeipeleka kwingine amwombe aliyempelekea aifute pia. Tusiijadili tena. Ahsanteni."

Hayo yanatosha. Sikutaki utuombe radhi mbele ya watu, na sitaki mtu akutukane. Wameshaanza wawili watatu kukujibu vibaya kule, nami nimewaandikia faraghani waache. Kama kuna watu uliowatumia wewe mwenyewe nje ya kundi, nitajie majina yao nyuma ya karatasi hii umpe Hamadi, nitawapigia simu mimi kwa adabu.

Sasa la sheria, na nalisema kwa ufupi maana si ndiko ninakotaka twende. Kijana wetu anayesoma sheria ndiye aliyelileta mezani. Anasema Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Anasema pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto na za afya kwenye fungu la taarifa nyeti. Ndugu zangu wa kiume walipoyasikia hayo walitaka waamkie polisi leo alfajiri. Mimi nimewazuia. Nimewaambia wanipe siku ya leo niongee na jirani yangu. Ikifika Isha ikiwa bado ipo, kesho nitakwenda kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa, na ya baada ya hapo hayatakuwa mikononi mwangu. Nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuzunguka.

Nimewazuia kwa sababu nakujua. Siku ya msiba wa baba, masufuria makubwa matatu yaliyopikiwa wali uwani kwetu yalikuwa yako, na uliinjika moto wewe kabla wanawake wa ukoo hawajafika. Uwa huo huo. Ndiyo maana jambo hili limeniuma zaidi kuliko kama lingefanywa na mtu wa Chumbageni huko nisiyemjua. Na kusema kweli, siamini kwamba ulikaa ukapanga kutudhalilisha. Naamini ulishika simu kwa ule wepesi ambao sote tunao siku hizi, ukaona watu wanacheka, ukaacha.

Ukuta tutaunyanyua kozi tatu hivi karibuni, kaka ameshaongea na fundi. Usilichukulie kuwa ni jibu la hili. Ni jambo tulilokuwa tulifanye tangu kiangazi, kuku wenu wakiwa mashahidi. Tutakuja kwanza kuongea na Baba Shufaa kuhusu upande wenu, fundi asije akaharibu mpapai wenu.

Hamadi nimemwambia asubiri kibarazani. Ukitaka akusaidie kwenye simu atakusaidia, ni mwepesi wa mambo hayo na hatafungua kingine. Ukitaka kuifuta mwenyewe, mwambie tu "nimeelewa", ataniletea. Nitakuwa nyumbani mpaka Adhuhuri, halafu nateremka soko la Mgandini. Ukiwa na la kuniambia ana kwa ana, pita kwa mlango wa nyuma baada ya Alasiri. Mama atakuwa amelala, tutaongea jikoni.

Nisalimie bibi. Mwambie dawa ya kuchua aliyoniagiza nimeipata, ataileta Hamadi jioni.

Wasalaam,
Jirani yako,
Zainabu (Mama Hamadi)