Sura ya Tano: Mjadala wa Makosa ya Upatanisho katika Insha za Wanafunzi wa Kisumu na Vihiga

5.1 Utangulizi

Utafiti huu ulianza na imani niliyoipata darasani. Kwa miaka kadhaa nilisahihisha insha za Kidato cha Pili mjini Kisumu nikiandika pembezoni "athari ya lugha mama" kila nilipokuta *kitabu yangu* au *viatu zangu*. Nadharia tete ya kwanza ilitokana na mazoea hayo. Insha 120 zilizochanganuliwa katika Sura ya Nne, 60 za wazungumzaji wa Dholuo na 60 za wazungumzaji wa Lulogooli, hazikuiunga mkono. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sura hii inahusu nadharia tete hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyobadili uelewa wangu wa tatizo lenyewe.

5.2 Nadharia tete ya kwanza: wazungumzaji wa Dholuo watafanya makosa mengi zaidi ya upatanisho kuliko wazungumzaji wa Lulogooli

Msingi wa nadharia tete hii ni hoja ya Robert Lado (1957) kwamba mwanafunzi huona wepesi pale lugha ya pili inapofanana na yake, na ugumu pale zinapotofautiana. Dholuo ni lugha ya Kiniloti isiyo na ngeli za Kibantu. Wingi wa nomino huonyeshwa kwa kubadili mwisho wa neno, kama *got* na *gode* (mlima, milima) au *kidi* na *kite* (jiwe, mawe), na nomino haidai kiambishi cha ngeli kwenye kitenzi wala kivumishi. Lulogooli ni lugha ya Kibantu, na mtoto wa Vihiga hukua akisema *mundu* na *avandu*, *kindu* na *vindu*. Kwa mantiki ya Lado, pengo kati ya makundi haya mawili lilipaswa kuwa kubwa.

Halikuwa kubwa. Makosa ya upatanisho yalikuwa 2.9 kwa kila maneno 100 katika insha za wazungumzaji wa Dholuo na 2.6 katika zile za Lulogooli, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu (p = 0.21). Aina ya makosa ndiyo iliyonishangaza zaidi. Katika makundi yote mawili, zaidi ya nusu ya makosa yalikuwa ya namna moja: nomino ya ngeli nyingine ilipewa viambishi vya I-ZI. *Kitu yangu ilipotea. Viti zilivunjika. Gunia yake ilijaa.*

Mfano wa *kitu yangu* unastahili kutazamwa kwa makini. Kama lugha ya kwanza ingekuwa ndiyo chanzo kikuu, basi hapa ndipo Mlogooli angesaidika kuliko mahali pengine popote, kwa sababu *kitu* cha Kiswahili na *kindu* cha kwao ni ndugu wa damu, na wingi wake, *vitu* na *vindu*, vilevile. Msaada huo haukuonekana. Mwanafunzi ambaye nyumbani hutumia ngeli ya KI-VI bila kusita aliandika *kitu yangu* sawa na mwenzake wa Nyalenda ambaye lugha yake haina ngeli hiyo kabisa.

Mahojiano yalionyesha wanakokutana. Wanafunzi wa makundi yote mawili walisema kwamba Kiswahili wanachokisikia kwa wingi si cha mwalimu. Ni cha stejini, cha soko la Kibuye, cha makanga na wauza mitumba wa Kondele. Katika Kiswahili hicho *kiatu yangu* ndiyo kawaida. Msichana mmoja wa Kidato cha Nne alinieleza, "Nikisema *kiatu changu* mtaani, watasema ninajifanya mwalimu." Huyu anajua umbo sanifu, na anajua pia gharama ya kulitumia.

Hali hii si ngeni. Bernd Heine (1973) alieleza aina ya Kiswahili cha pijini nchini Kenya ambamo mfumo wa ngeli ulikuwa umepungua sana. Matokeo yangu yanaafikiana naye kuhusu mwelekeo wa mabadiliko, ingawa wanafunzi hawa hawazungumzi pijini: ngeli ya A-WA waliitumia kwa usahihi karibu kila mara. Wanachokifanya ni kuziunganisha ngeli za visivyo hai katika I-ZI, kwa utaratibu unaotabirika.

Ulinganisho na Heidi Dulay na Marina Burt (1974) unasaidia pia. Walipowachunguza watoto wa Kichina na wa Kihispania waliokuwa wakijifunza Kiingereza, walikuta mpangilio unaokaribiana wa kumudu viambishi licha ya lugha zao za kwanza kutofautiana mno. Tofauti ni kwamba wao waliuhusisha ufanano huo na mchakato wa ndani wa kujifunza lugha. Hapa Kisumu na Vihiga naona sababu iliyo nje ya mwanafunzi: makundi mawili yanafanana kwa sababu yanasikia Kiswahili kimoja. Jack Richards (1971) aliyahusisha baadhi ya makosa na kueneza kanuni kupita mipaka yake, na *viti zilivunjika* hutosha katika maelezo hayo kwa umbo. Sikubali, hata hivyo, kwamba ni mwanafunzi aliyeieneza kanuni. Aliipokea ikiwa tayari imeenezwa.

Nadharia tete ya kwanza inakataliwa, isipokuwa sehemu moja. Katika ngeli ya PA-KU-MU wazungumzaji wa Lulogooli walifanya vizuri zaidi kwa kiasi kikubwa; waliandika *chumbani mwao mlikuwa na giza* pale wenzao walipoandika *chumbani yao ilikuwa na giza*. Lulogooli ina ngeli za mahali, na upatanisho huu hausikiki sana mitaani. Inaelekea lugha ya kwanza hupata nafasi pale Kiswahili cha mtaa kinaponyamaza. Hili linakaribiana na toleo dhaifu la ulinganishi alilolitetea Ronald Wardhaugh (1970), ambalo huanza na kosa lililotokea na kisha kuutafuta mchango wa lugha ya kwanza, bila kutabiri.

5.3 Nadharia tete ya pili: makosa ya tahajia yatafuata fonolojia ya lugha ya kwanza

Hii ilithibitishwa. Dholuo haina sauti za *sh* na *z*, na wazungumzaji wake waliandika *samba* kwa shamba na *kasi ya nyumbani* kwa kazi ya nyumbani. Katika insha za Lulogooli makosa haya yalikuwa machache sana. Lakini wanafunzi tisa wa Dholuo waliandika pia *shaba* kwa saba na *shasa* kwa sasa. Lado hawezi kuyaeleza maumbo haya. Yanaeleweka kwa mtazamo wa Larry Selinker (1972) kwamba mwanafunzi hujijengea mfumo wake, usio lugha ya kwanza wala lugha lengwa: huyu ametambua kwamba Kiswahili kina *sh*, na bado anaitafuta mipaka yake.

5.4 Nadharia tete ya tatu: makosa ya upatanisho yatapungua kufikia Kidato cha Nne

Yalipungua, kutoka 3.5 hadi 2.0 kwa maneno 100. Katika mazungumzo yaliyorekodiwa hayakupungua. S. Pit Corder (1967) alitofautisha kosa la kutojua na kuteleza kwa msemaji anayejua, na hakuna kati ya mawili hayo linalomfaa mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayeandika *kiatu changu* saa nne na kusema *kiatu yangu* saa sita. Anatumia aina mbili za Kiswahili, kila moja mahali pake.

5.5 Mipaka ya ufafanuzi huu

Dai kwamba chanzo ni Kiswahili cha mtaani linategemea maelezo ya wanafunzi wenyewe. Sikurekodi mazungumzo ya sokoni wala ya stejini, na shule mbili za Vihiga ziko karibu na barabara kuu ya Kisumu kwenda Kakamega, mahali ambapo Kiswahili hicho husikika kila siku. Shule za ndani zaidi, ambako Lulogooli hutawala hata nje ya nyumba, huenda zingeonyesha pengo ambalo data hii haikulionyesha.