Asante kwa kuruhusu posti ya kuanika korosho

Shikamoo Mama Admin. Asante sana kwa kuipitisha posti ya kuanika korosho, tena mapema, kabla wenzetu wa Newala na Tandahimba hawajaanza kupeleka mzigo ghalani. Asante pia kwa kuirudisha mara ya kwanza iongezewe muda wa kuanika na picha ya gunia. Bila hivyo mtu angesoma "kausha vizuri" halafu asijue vizuri ndiyo nini.

Nachangia hapa chini badala ya kuhariri, maana nikihariri posti itarudi kwako kusubiri upya.

Wengi wameuliza watajuaje korosho imekauka. Jua likiwa kali ni siku 2 hadi 3, ila msitegemee siku peke yake, mawingu ya Novemba yanadanganya. Chukua kiganja kimoja, kitikise karibu na sikio: iliyokauka inagonga ndani ya ganda. Kisha bonyeza ganda kwa ukucha. Likiingia alama, rudisha juani. Ghalani wanataka unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Ukizidi hapo, korosho inaota ukungu ndani ya gunia, kiini kinageuka rangi, na mzigo unashushwa daraja au unarudishwa kwa mwenyewe.

Nyama ya bibo itolewe yote kabla ya kuanika. Kipande kidogo tu kinachobaki kwenye kikonyo kinashika maji na kuozesha za jirani. Anikeni kwenye sakafu ya saruji au jamvi, tabaka jembamba, mgeuze mara kadhaa kwa siku, na jioni mkusanye na kufunika kwa sababu ya umande. Za zamani msichanganye na mpya hata kidogo.

Gunia liwe la juti. Viroba vya plastiki havipumui, hata korosho kavu inatoa jasho humo. Nyumbani gunia likae juu ya magogo au chaga, mbali na ukuta, lisiguse sakafu.

Dada aliyeuliza kuhusu zenye madoa meusi: tenga pembeni, usizifiche katikati ya gunia. Wakichukua sampuli watazikuta, na utapunguziwa gunia zima.

Ombi moja, Mama Admin: wale wanaoacha namba za simu wakitaka kununua kwa bakuli, tafadhali wafute wakijitokeza. Biashara hiyo ya kangomba ndiyo inayomla mkulima mwenye shida ya ada za watoto, na posti hii isiwe mlango wao. Mwenye mzigo aupeleke chama cha msingi, apime kwenye mzani, aondoke na stakabadhi yake mkononi.

Asante tena kwa kazi. Maswali mengine nitayajibu hapahapa jioni.