Meseji za kufuatilia usaili: mtunza stoo wa asali, Tabora

JUMATATU

10:12 Dada Rehema Usaili: Habari Zawadi. Umeitwa kwenye usaili, nafasi ya Mtunza Stoo, kiwanda cha asali. Jumatano 9:00, ofisini Cheyo, juu ya duka la dawa. Njoo na vyeti halisi na kitambulisho cha NIDA. Thibitisha.

10:31 Zawadi: Shikamoo dada Rehema. Nimefurahi sana, nitafika. Naomba kuuliza kitu kimoja: hiyo 9:00 ni saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri? Natokea Urambo, nataka nijue basi la kupanda.

19:47 Zawadi: Samahani dada, najua una watu wengi. Usipopata nafasi ya kunijibu nitakuja asubuhi. Heri nikae kwenye benchi mpaka alasiri kuliko kufika watu wamefunga ofisi. Zawadi, wa Mtunza Stoo.

21:20 Dada Rehema Usaili: Marahaba mdogo wangu. Saa tatu asubuhi. Umefanya vizuri kuuliza. Wiki jana kuna kijana alitoka Nzega na suti imepigwa pasi, akafika saa tisa alasiri. Wasaili wameshaondoka.

21:22 Zawadi: Jamani, pole yake. Basi saa tatu kamili. Usiku mwema dada.

JUMATANO

*(Kwa Kaka Shabani)*

13:05 Kaka Shabani: Vipi, umetoka?

13:09 Zawadi: Nimetoka, niko stendi nakula mhogo wa kuchoma. Wasaili watatu, dada Rehema alikuwa ananiita tu na kupanga viti. Ya leja nimejibu, ya wizi wa stoo nimejibu. Wakauliza ukifungua ndoo ya asali ukakuta povu na harufu ya pombe maana yake nini, nikasema imechacha, ilivunwa mbichi au kifuniko hakikukaza ikanywa unyevu. Wakatikisa kichwa kukubali wote watatu.

13:10 Kaka Shabani: Sasa mbona unaandika kama mtu wa msibani?

13:14 Zawadi: Wakaniuliza ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo ngapi. Nikasema 20. Kaka, nimejibu kama mtu anayeuza maji! Nimefika stendi nimemwona mama ameshika chupa ya asali, ndipo akili imerudi. Asali ni nzito, lita moja inakaribia kilo 1.4. Ndoo ni kilo 28 hivi.

13:15 Kaka Shabani: Imeshapita hiyo. Mtumie yule dada barua ya shukrani. Subiri nakuandikia.

13:31 Kaka Shabani: YAH: SHUKRANI KWA KUSHIRIKISHWA KATIKA USAILI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwombaji niliyetajwa, mwenye umri wa miaka 27, mwenyeji wa Urambo, napenda kuchukua fursa hii adhimu kutoa shukrani zangu za dhati kwa ofisi yako tukufu kwa kunipa nafasi ya kushiriki usaili uliofanyika leo hii...

13:33 Zawadi: Kaka, hii akiifungua simu itaganda. Dada wa watu anapanga usaili kwa Watsapu, meseji zinaingia kama mvua. Huyo anasoma mistari minne ya kwanza amesimama mlangoni. "Ofisi tukufu" nimpelekee dada anayenijibu saa tatu usiku huku anasonga ugali?

13:34 Kaka Shabani: Haya msomi. Ila hiyo ya kilo usiiseme, utajichongea.

13:36 Zawadi: Nitaisema. Akiajiriwa mtu wa kilo 20, ndoo mia moja zikipokelewa kilo 800 hazionekani kwenye kitabu. Wao wanajua hesabu hiyo, ndiyo maana wakauliza. Nikinyamaza wataandika "hajui". Nikisema, angalau wataandika "amejua baadaye".

*(Kwa Dada Rehema Usaili)*

15:48 Zawadi: Dada Rehema, Zawadi hapa, wa Mtunza Stoo, usaili wa leo saa tatu. Asante kwa mapokezi na yale maji ya kunywa, nilikuwa nimekauka koo. Bado naitaka kazi hii. Naomba unifikishie neno moja kwa wasaili: nilisema ndoo ya lita 20 ya asali ni kilo 20, nilikosea. Ni kilo 28 hivi, bila uzito wa ndoo yenyewe. Ulisema majibu ni Jumatatu, basi nasubiri hadi hapo. Njia njema nyumbani.

16:30 Dada Rehema Usaili: 😂 Sawa. Nitawapelekea kama ilivyo.

JUMATATU

*(Kwa Kaka Shabani)*

20:15 Kaka Shabani: Majibu?

20:16 Zawadi: Kimya.

20:16 Kaka Shabani: Mpigie!

20:20 Zawadi: Simpigii usiku. Jumatatu haijaisha mpaka ilale. Kesho pia simsumbui, ofisi za watu Jumatatu ni mkutano kutwa nzima, kazi ya Jumatatu inafanywa Jumanne. Jumatano nitamkumbusha.

JUMATANO

*(Kwa Dada Rehema Usaili)*

10:05 Zawadi: Habari za asubuhi dada Rehema. Zawadi wa Urambo, Mtunza Stoo, usaili wa Jumatano iliyopita. Nakumbushia tu majibu tuliyoambiwa yatatoka juzi. Kama bado wanajadili, niambie "bado" tu inatosha, nitaelewa. Asante.

*(Kwa Kaka Shabani)*

17:40 Zawadi: Tiki za bluu toka saa nne na nusu asubuhi. Ameisoma.

17:41 Kaka Shabani: Ndiyo imekwisha hiyo. Wamempa ndugu yao.

17:45 Zawadi: Labda. Labda pia ameisoma akiwa kwenye bodaboda akasema nikishuka nitajibu, na akishuka hakumbuki tena. Mimi mwenyewe nina meseji yako ya Jumapili sijaijibu.

17:46 Kaka Shabani: Ile ya hela? Nilijua tu.

IJUMAA

08:20 Zawadi: Kaka, katibu wa chama cha msingi amenipigia. Masoko ya tumbaku yanafunguliwa wiki ijayo, anataka nirudi kwenye mizani kama mwaka jana. Anataka jibu kabla ya Jumatatu.

08:22 Kaka Shabani: Chukua! Ndege mmoja mkononi.

08:27 Zawadi: Ya tumbaku inaisha na msimu. Nasimama na mizani juani, mkulima analia kuwa nimempunja, mnunuzi anasema mtumba una maji, wote wananitazama mimi. Kisha soko likifungwa narudi nyumbani kungoja msimu mwingine. Naitaka ya asali. Ila siwezi kumwekea dada Rehema kisu shingoni.

08:29 Kaka Shabani: Mwambie una kazi nyingine, watashtuka.

08:31 Zawadi: Nitamwambia kwa sababu ni kweli. Kumshtua simshtui.

*(Kwa Dada Rehema Usaili)*

09:10 Zawadi: Shikamoo dada Rehema. Zawadi, Mtunza Stoo. Sikusudii kukusumbua, kuna jambo limetokea ndiyo maana nimerudi: chama cha msingi nilichofanyia kazi msimu uliopita kimeniita kwenye mizani ya tumbaku, na wanataka jibu Jumapili jioni. Mimi chaguo langu ni kazi ya stoo ya asali. Kama wameshampata mtu, niambie bila kuogopa, nitashukuru vilevile. Kama bado nimo, naomba nijue kabla ya Jumapili nisiwapotezee muda na wao.

09:52 Dada Rehema Usaili: Marahaba Zawadi. Nisamehe sana. Nilikuwa Sikonge siku mbili, huko mtandao wa kuotea, meseji zikaingia zote pamoja. Ngoja nimuulize bosi wa kiwanda.

09:53 Zawadi: Hakuna shida dada, pole na safari. Nasubiri.

14:36 Dada Rehema Usaili: Hujatolewa. Mmebaki watatu. Wanataka kuwaona stooni kwa vitendo: kupokea mzigo, kupima, kuandika leja. Wenzako wawili walikuwa pia wamesema kilo 20. Wewe peke yako uliyerudi kusahihisha, na meseji yako bosi aliisoma kwa sauti ofisini. Ila hilo halikupi kazi, usije ukavimba kichwa.

14:38 Zawadi: Sivimbi dada 🙏 Ni lini?

14:41 Dada Rehema Usaili: Jumatatu, SAA TATU ASUBUHI. Safari hii nimeandika kwa maneno.

14:42 Zawadi: 😂 Nimekuelewa. Jibu la mwisho nalo litatoka lini? Nauliza kwa sababu ya yule katibu.

14:47 Dada Rehema Usaili: Siku hiyohiyo jioni. Mwombe akusubiri hadi Jumatatu usiku. Akikataa nijulishe tujue mapema. Na usimtumie mtu yeyote hela ya fomu wala ya "kuharakisha". Kuna mtu ana namba nyingine anajifanya mimi, anawaomba wasailiwa. Mimi siombi hata ya soda.

14:49 Zawadi: Nashukuru kunitahadharisha. Nimeihifadhi namba hii peke yake.

JUMAMOSI

11:15 Zawadi: Dada Rehema, Zawadi, Mtunza Stoo. Katibu amekubali kusubiri hadi Jumatatu usiku, kwa hiyo nakuja. Nitalala kwa shangazi Isevya Jumapili ili nisitegemee basi la alfajiri. Nije nimevaaje?

12:40 Dada Rehema Usaili: Viatu vya kufunika, sakafu inanata. Nywele uzifunge kwa kitambaa. Usijipulize manukato, asali inavuta harufu, halafu nyuki nao wapo nje pale, hawapendi mzaha. Kalamu mbili, kalamu za stoo kila siku zimepotea.

12:44 Zawadi: Sawa. Mizani ipo hapohapo au kuna vifaa vya kuja navyo?

12:50 Dada Rehema Usaili: Mizani ipo. Watakupa ndoo zilizojaa na karatasi, basi.

12:52 Zawadi: Naomba wanipe na ndoo moja tupu yenye kifuniko chake, nianze na hiyo.

12:58 Dada Rehema Usaili: Nitawaambia wakuwekee. Jumatatu basi.

12:59 Zawadi: Jumatatu, saa tatu asubuhi. Asante dada.