Bi Khadija, kuhusu mchele wako wa biriani wa Jumamosi

Asalaam aleikum Bi Khadija, habari za hapo nyumbani, na mama miguu yake imepata nafuu? Nlitaka nikupigie lakini najua saa hizi uko jikoni na hili jambo lataka ulisome kwa utulivu, basi nakuandikia na ukimaliza nipigie wewe.

Ule mchele wa sela sina wa kutosha. Uliagiza magunia 3 ya kilo 25 na kwenye stoo limebaki 1 tu. Mzigo wangu wa Mombasa ulikua ufike Mokowe Jumatatu kwa lori, lori limekuja na sukari na unga na mafuta, mchele hamna. Nimempigia yule wa jumla, aniambia kontena lake bado liko bandarini Kilindini halijatolewa na hana siku ya kunipa, na mi siwezi kukwambia subiri wakati nikah ni Jumamosi na watu washaalikwa. Nisamehe sana, we ulilipa amana mapema ndo usipate taabu kama hii, nami ilikua haki yangu niyaweke magunia yako kando siku ile ile nlipopokea pesa, sikufanya hivo, nliamini mzigo uko njiani.

Sasa nlicho nacho. Nina magunia 5 ya basmati nyeupe, ndefu, ile iliyokaa ghalani kwanza kabla ya kupakiwa, kwa hivo imekauka vizuri na punje yarefuka ikiiva. Sikutaka kukupendekezea kitu cha kusikia, jana usiku mke wangu ameupika kilo moja mi nimesimama hapo hapo na saa. Tumeuroweka dakika 25, maji yalipotokota ukaingia na chumvi na kijiko cha mafuta, dakika ya 5 nikatoa punje nikaiminya kwa kidole, nje laini na katikati bado kuna kiini cheupe, tukachuja hapo hapo, tukaupalia makaa juu na chini moto mdogo. Umetoka umechambuka punje moja moja, na harufu yake walaahi imeipita sela.

Lakini nakwambia na upande wa pili, maana we ndo utasimama mbele ya masufuria. Sela huchemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa, ndo maana ni ngumu na hata ukiisahau kidogo motoni yakusamehe. Huu mweupe hausamehi, ukiuacha dakika 8 kama ulivozoea utakua bokoboko. Na tafadhali usichanganye sela na mweupe sufuria moja, mmoja utaiva mwengine bado. Lile gunia 1 la sela nimeliandika jina lako na haliuzwi, litie kwenye ile sufuria kubwa ya wanaume ambayo hukaa muda mrefu kabla ya kupakuliwa, na huu mweupe upike masufuria madogo madogo ya upande wa wanawake, utaweza kuudhibiti.

Pishori ya Mwea pia iko, na kuna mtu kaniambia nikupe hiyo, nimekataa. Kwa wali wa nazi sina neno nayo, tamu, lakini kwa biriani punje yake si ndefu kama ya huu mweupe na hushikana kwa urahisi. Pia kuna sela ya kupimwa niliyoletewa na mtu mwengine jana, nimetia mkono ndani ya gunia nikatoa vumbi na chenga nyingi, hiyo hata bure sikupi.

Bei: sela ni 5,000 kama tulivokubaliana, mweupe nauza 4,900 ila kwako ni 4,700. Kwa hivo sela 1 na mweupe 2 jumla 14,400, ushatoa 6,000, imebaki 8,400 na hiyo utanipa hata baada ya arusi. Punda wa kuleta hapo Langoni ni juu yangu.

Kijana wangu atakuletea kilo 2 za mweupe leo baada ya alasiri, hizo si za kulipa, zipike kwa mkono wako na kwa sufuria yako uone. Ukiridhika nijulishe kesho kabla ya adhuhuri nilete yote Alhamisi jioni, maana kuna mtu wa Shela ameshayaulizia haya magunia nami nimemwambia asubiri neno lako kwanza. Na kama hukuupenda niambie bila kuona haya, nakurudishia 6,000 yako kwa Mpesa saa ile ile na lile gunia la sela bado ni lako ukilitaka.

Nisalimie mama.