Zoezi la Vitendo la Biolojia, S.2: Kupima Ujazo wa Mapafu kwa Chupa ya Maji

Jumatano, vipindi viwili baada ya mapumziko ya saa nne. Tutakutana chini ya mwembe nyuma ya maabara, wala si ndani. Someni karatasi hii yote kabla ya siku hiyo, hasa sehemu ya usafi, kwa sababu asiyeisoma hatapuliza.

Tunachotafuta

Mtu akivuta pumzi mpaka mwisho, kisha akaitoa yote anayoweza kuitoa, je, hewa hiyo ni kiasi gani? Kipimo hiki kilianza kutumika sana baada ya daktari Mwingereza, John Hutchinson, kueleza chombo chake cha kupimia pumzi mwaka 1846. Chombo chetu kinafuata kanuni ileile: hewa ikipulizwa kwa bomba la mpira kwenye chupa iliyojaa maji na kupinduliwa ndani ya beseni, maji hutoka na kuipisha. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hutoa kati ya lita 3 na 5. Ninyi mnaokua mnaweza kupata chini ya hapo. Hata ukipuliza mpaka uhisi kifua kimekauka, lita moja na ushee hubaki ndani ya mapafu, na chupa yetu haiwezi kuipima.

Usafi kwanza

Nalisema hili kwa uzito. Katika shule niliyofundisha zamani, darasa zima lilipuliza kwa mpira mmoja, ukifutwa kwa kitambaa kilekile. Mwanafunzi mmoja akaingiza mpira mdomoni ndipo akavuta pumzi, badala ya kuvuta kwanza. Maji ya beseni yakamwingia kooni, maji ambayo wenzake kumi walikuwa wameyapulizia. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikuwahi kumzuia. Tangu siku hiyo sifanyi zoezi hili bila mpira wa kila mtu.

Kwa hiyo: mpira mmoja, mtu mmoja. Tumekata vipande 36 vya sentimita 70, na kila kimoja kimebandikwa jina. Haukopeshwi, hata kwa ndugu yako. Mate hupitisha mafua, vidonda vya midomo na vijidudu vya homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao huku kwetu Nile Magharibi umewahi kuzuka.

Kifua kikuu ni jambo jingine. Chenyewe hakiambukizwi kwa kushiriki vyombo bali kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kupumua karibu yako mahali pasipopitisha upepo. Kuosha mpira peke yake hakutoshi, na ndiyo sababu ya kukaa mwembeni. Anayepuliza aelekee upande ambao upepo unakwenda, na wenzake wasimame nyuma yake. Mnakumbuka shule zetu zilivyofungwa, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022 kwa sababu ya ugonjwa uliosafiri kwa pumzi.

Wenye kikohozi, homa, mafua au kidonda mdomoni hawatapuliza Jumatano. Wenye pumu, selimundu, ugonjwa wa moyo, au waliofanyiwa upasuaji karibuni, waje kwangu faraghani Jumanne jioni. Sitatangaza jina la mtu wala sababu yake. Kazi ya kusoma alama na kuandika ina uzito uleule, na alama zake ni zilezile. Ni marufuku kumuuliza mwenzako kwa nini hapulizi.

Vifaa kwa kila kundi la watu sita

Chupa ya plastiki ya lita 5 inayoonyesha ndani, pamoja na kifuniko chake, beseni pana lenye kina, mipira sita, silinda ya kupimia, utepe wa karatasi na kalamu ya wino usiofutika, jerikeni ya maji safi ya kisima, sabuni. Maji ya beseni nitayatia dawa ya klorini mimi mwenyewe. Msiyanywe, na msiongeze dawa.

Kuweka alama

Simamisha chupa tupu. Mimina mililita 250 za maji, piga mstari kwenye utepe, mimina nyingine, piga mstari, mpaka chupa ijae. Andika namba kuanzia chini: 250, 500, 750. Namba zitaonekana kichwa chini tutakapoipindua chupa, lakini msizibadilishe. Hewa itakusanyika kwenye kitako cha chupa, ambacho sasa kiko juu, kwa hiyo mstari utakaofikiwa na maji utasema moja kwa moja hewa ni kiasi gani.

Kupuliza

1. Tia maji kwenye beseni yafike nusu tu, kwa kuwa ya chupa nayo yatamwagikia humo. Jaza chupa mpaka mdomoni kabisa, funga kifuniko, ipindue ndani ya beseni, kisha fungua kifuniko chini ya maji. Mwenzako aishike kwa mikono miwili, mdomo wa chupa ukae vidole viwili juu ya sakafu ya beseni.

2. Ingiza ncha ya mpira kwenye mdomo wa chupa, sentimita 3 hivi, si zaidi. Hapa ndipo makundi mengi huharibu. Ncha ikipanda juu ya usawa wa maji ya beseni, hewa ya nje itafyonzwa kupitia mpira na kuingia yenyewe, nanyi mtaandika pumzi ya mtu ambaye hajapuliza.

3. Nawa mikono kwa sabuni. Simama wima. Mpira ukiwa mbali na mdomo, umebanwa kwa vidole, vuta pumzi mpaka mwisho.

4. Ziba pua, funga midomo kuzunguka mpira, achia vidole, kisha puliza polepole bila kukatiza. Usipulize kwa nguvu kama unayewasha jiko la makaa. Utasikia viputo vikigonga plastiki, mwanzoni kwa wingi, mwishoni kimoja kimoja. Vikikoma, bana mpira, ndipo uutoe mdomoni. Usivute hewa kupitia mpira hata mara moja.

5. Msomaji ashushe chupa taratibu mpaka maji ya ndani na ya nje yakaribie usawa mmoja, asome alama, aandike.

Pumzika dakika mbili, rudia, mpaka mara tatu. Chukua kipimo kikubwa, wala si wastani, kwa maana tunatafuta mwisho wa uwezo wako. Nilipojaribu mwenyewe juzi nilipata lita 3.00, 3.25 na 3.20, jibu langu ni 3.25. Ukihisi kizunguzungu, kaa chini kivulini, umeshamaliza.

Kisha pima pumzi ya kawaida: vuta kwa pua, toa kwa mpira, mara tano bila kulazimisha, gawanya jumla kwa 5. Kwa mtu mzima aliyetulia ni karibu mililita 500.

Maswali ya daftari

(a) Pumzi yako ya kawaida ni sehemu gani ya ile kubwa?

(b) Pangeni matokeo ya kundi kwa kufuata urefu wa mtu. Mnaona nini? Kipimo kidogo si ugonjwa na si aibu. Urefu, umri na jinsia vyote huchangia.

(c) Hewa hutoka mwilini ikiwa na nyuzi karibu 37, kisha hupoa ndani ya chupa. Ikipoa mpaka 25 hupungua karibu sehemu 4 kwa 100 kwa kupoa peke yake. Je, kipimo chako ni kikubwa au kidogo kuliko ukweli?

Kabla ya kengele

Kila mtu aoshe mpira wake kwa sabuni ndani na nje, ausuuze mara tatu, autundike kwenye kamba juani ncha zote mbili zikiangalia chini. Maji ya beseni yamwagwe shimoni nyuma ya choo, yasiende bustanini. Naweni mikono tena. Madaftari yafike mezani kwangu Ijumaa asubuhi.