Barua ya Shukrani kwa Mzee Mwenye Nyumba

Tarehe 3 Oktoba 2024

Mzee wetu,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Sisi huku chumba namba 4 ni wazima, na baba Neema sasa anatembea bila fimbo, ingawa ngazi bado anazipanda polepole.

Juzi nilipokuletea kipande cha mwisho cha deni ulikuwa na wageni, nikaona si mahali pa kusema mengi. Nikapokea stakabadhi yangu, nikaondoka. Lakini moyo haukutulia. Ujumbe wa simu nao niliuona mwepesi kwa jambo kama hili, ndiyo maana nimeketi kuandika.

Kwanza nikiri kosa ambalo huenda hukulijua. Kodi ya Aprili ilipopita siku yake, nilijificha. Baba Neema alikuwa amelazwa, wateja wa kushona walikuwa wamepungua, na kidogo nilichokipata kiliishia kwenye dawa. Kwa muda wa wiki nzima, nikisikia viatu vyako koridoni, nilizima taa na kuwanyamazisha watoto. Leo naona aibu nikikumbuka, kwa sababu siku nilipojikaza kuja kwako, na maneno yangu niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha, hukuyasubiri. Uliniuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nikasahau yote niliyoyapanga.

Siku ileile nilikuomba uishike cherehani yangu kama rehani. Ulinijibu, "Nikiishika cherehani, utanilipa kwa nini?" Mzee, jibu hilo ndilo lililotuvusha. Ungeikubali, nisingeweza kukulaumu, maana deni ni deni. Lakini ningebaki na mikono mitupu, na kodi zile tatu, za Aprili, Mei na Juni, zingenifuata mpaka leo. Kwa cherehani hiyohiyo nilishona usiku, nikaanza kulipa kodi ya kila mwezi kuanzia Julai, na juu yake kipande cha deni.

Yapo mengine ambayo pengine wewe umeyasahau. Umeme wetu haukukatwa. Kijana anayekukusanyia kodi hakuja kugonga mlango hata mara moja, na najua ni wewe uliyemwambia. Mambo yangu hayakufika masikioni mwa wapangaji wenzangu. Bombani tulisalimiana kama kawaida, wala sikuona mtu akininong'ona. Na kila nilicholeta, hata kile cha mwezi wa 7 ambacho nilikuwa naona haya kukihesabu mbele yako, ulikiandika kwenye daftari na kunipa stakabadhi. Ninazo zote 6, nimezibana pamoja na mkataba. Aliyefadhiliwa huogopa kudai stakabadhi. Wewe ulinipa kabla sijaiomba.

Najua pia kwamba kodi hiyo si fedha ya kuchezea kwako. Nyumba ina matengenezo yake, na wewe una watu wanaokutegemea. Miezi mitatu ya chumba kimoja lazima ilikubana mahali fulani, hata kama hukusema. Kwa hilo naomba radhi, pamoja na kushukuru.

Kuanzia mwezi huu kodi itakuwa mkononi mwako kabla ya tarehe 5, kama mkataba unavyosema. Ya Oktoba nimeiambatanisha na barua hii. Nikiona mambo yanaanza kuyumba tena, Mungu aepushe, nitakuja mwenyewe kabla ya siku kufika. Sitazima taa.

Usiisome barua hii kama utangulizi wa ombi. Siombi kitu, na lile bomba la nyuma linalovuja nitalileta siku nyingine, kwa mdomo!

Ila lipo moja, na hili ni la Mama zaidi. Alinigusia kwamba mapazia ya sebuleni yamechakaa. Naomba aniletee kitambaa na vipimo, nimshonee. Ufundi ni wangu, wala tusiuingize kwenye hesabu ya kodi, hiyo tumeshaifunga. Akipenda yenye marinda, aniambie mapema, kwa kuwa marinda hula kitambaa, na nisingependa apungukiwe.

Baba Neema anakusalimu sana. Amesema Jumapili atapita mwenyewe kukushika mkono, na kwamba nisimsemee yote kwenye karatasi. Neema naye amenisihi niandike kwamba alifanya mtihani wake vizuri. Aliusomea kwenye meza ileile ninayokatia nguo, katika chumba ambacho hukututoa.

Asante sana, Mzee.

Ni mimi mpangaji wako,
Mama Neema
Chumba namba 4