Taka Zitenganishwe Mezani: Hotuba kwa Wanachama wa Chama cha Wafanyabiashara, Soko la Mabibo

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, na ndugu zangu wafanyabiashara wa soko hili, nawasalimu nyote. Kamati ya usafi imepewa nafasi fupi kati ya ajenda ya ushuru na ile ya mapaa, nami nitaitumia kwa ombi moja: kwamba kuanzia mwezi ujao tuanze kutenga mezani taka zinazooza na zisizooza, ili zile zinazooza tuzitengeneze mboji hapa hapa.

Taka zetu mnazifahamu, kwa kuwa sisi wenyewe ndio tunaozizalisha. Lori la ndizi likishushwa alfajiri huacha majani makavu yaliyotandikwa ili mzigo usichubuke, na chane zikishakatwa hubaki vikonyo vya mikungu, vizito na vyenye utomvu. Kabichi huvuliwa majani ya nje, nanasi hukatwa kishungi, na nyanya zilizopasuka ndani ya tenga humwagwa. Sehemu kubwa ya taka hizo ni maji, na maji hayo ndiyo tunayoyapakia kwenye gari na kuyasafirisha hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, tukilipia safari ya kitu ambacho mkulima angekihitaji. Kikifika huko hufukiwa na taka nyingine, hukosa hewa, kisha huoza kwa kutoa gesi ya methani, ambayo huwaka na pia huongeza joto la dunia.

Kazi yenyewe ya kutengeneza mboji si ngumu. Vijana wetu wa usafi watakatakata vikonyo kwa panga, kwa sababu kikiachwa kizima huchelewa sana kuoza, kisha watavichanganya na majani mabichi na maranda makavu kutoka kwa mafundi seremala, na kulundika hadi kimo cha mita moja hivi. Lundo lililopangwa vizuri hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 ndani ya siku chache, joto ambalo huua vimelea vingi na mbegu za magugu. Hupinduliwa mara kwa mara ili lipate hewa, na kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam miezi mitatu hutosha. Anayetaka kujua kama unyevu umekaa sawa afumbate konzi moja na kuikamua: maji yakichuruzika, aongeze maranda, ikimomonyoka kama vumbi, anyunyize maji. Harufu mbaya, ambayo najua wengi mnaihofia, hutokea pale lundo linapojaa maji na kukosa hewa.

Ugumu uko kwetu, mezani. Jani la kabichi likishachanganyika na kamba ya plastiki, kipande cha salfeti na chupa iliyovunjika ndani ya kizimba, hakuna atakayelitoa tena kwa gharama inayolipika, na mboji yenye vigae vya chupa hakuna mkulima wa mchicha atakayekubali kuitia mkono. Kutenganisha kunafaa pale kisu kinapokata kikonyo, kwa sababu wakati huo kila kitu bado kiko safi na kiko peke yake.

Nimesikia hoja kwamba tunalipa ada ya usafi, hivyo kazi hii si yetu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ada yetu hulipia kuondoa taka, na gari likichelewa siku mbili wakati wa masika, anayepoteza wateja kwa nzi na harufu ni mwenye meza. Wengine wameuliza faida itamwendea nani. Sitawaahidi utajiri, maana mboji haiuzwi kwa bei ya mbolea ya dukani. Tunapendekeza kwamba mapato kutoka kwa wauza miche na wenye bustani yalipe kwanza vijana wanaopindua malundo, na kinachobaki kiingie katika mfuko wa chama na kusomwa katika kila mkutano. Wapo pia wanaohofia kwamba ndoo za kutengea taka zitaibiwa, na nadhani wasiwasi huo ni wa kweli kabisa, na ndiyo sababu tutatumia matenga machakavu ambayo hayana wa kuyatamani.

Tunapendekeza kuanza na upande wa ndizi na upande wa mboga kwa miezi mitatu. Tenga la meza litapokea majani, maganda, vikonyo na matunda yaliyoharibika. Mabaki ya nyama, samaki na chakula chenye mafuta kutoka kwa mama lishe yasiingie, kwa kuwa huvuta panya. Vijana watapita saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na tenga lililochanganywa litarudishwa kwa mwenye meza alitenganishe mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, naomba wenye meza za ndizi na mboga waulizwe kwanza, wanyooshe mikono, na majina ya watakaokubali yaandikwe leo kabla hatujaingia kwenye ajenda ya mapaa.